Mwalimu Anapoaga Mwezi Julai

Majina ya ajira mpya za serikali yanapotangazwa, kwenye shule binafsi za Tanzania hutokea jambo ambalo wakuu wa shule wamelizoea na bado halijawahi kuwafurahisha. Mwalimu anaonekana ukumbini akiperuzi simu, anatabasamu peke yake, anapokea pongezi za wenzake. Wiki inayofuata meza yake iko tupu. Wengine huaga vizuri. Wengine hutuma ujumbe wa simu usiku wa Jumapili, wakiwa tayari wamo ndani ya basi.

Si haki kumlaumu mwalimu kwa kuchagua ajira yenye uhakika zaidi. Shida ni namna ya kuondoka. Waliopangiwa vituo serikalini mara nyingi hupewa takriban wiki mbili za kuripoti, huku mkataba wa shule anayoiacha ukimdai notisi ya mwezi. Kati ya tarehe hizo mbili wamekaa wanafunzi wa kidato cha nne, ambao mtihani wao wa taifa ni Novemba. Karatasi pekee inayoweza kupatanisha pande hizo tatu ni barua ya kuacha kazi, na walimu wengi huiandika kwa mistari minne tu, kwa haraka, kama mtu anayejaza fomu.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ndiyo inayomhusu mwalimu wa shule binafsi, inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa kama bado yumo ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, ambapo siku saba zinatosha. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu ya kuondoka na tarehe iliyotolewa. Ujumbe wa simu wa Jumapili usiku unaweza kuwa na maneno mazuri kuliko barua, lakini kama siku inayofuata mwandishi wake hayupo darasani, ameondoka bila notisi. Mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye stahiki zake kiasi ambacho angelipwa kwa siku za notisi alizokataa kufanya kazi.

Kuna kipengele kingine kinachowanasa walimu hasa mwezi Juni. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala siku zake hazihesabiwi sambamba na siku za likizo. Shule nyingi binafsi huwapa walimu likizo yao ya mwaka wakati wanafunzi wamefunga. Kwa hiyo mwalimu anayekabidhi barua siku shule inapofunga, akidhani mwezi wa notisi utamalizikia nyumbani kwao huku akila mahindi ya kuchoma, anaweza kuambiwa shule ikifunguliwa kwamba hesabu ndiyo kwanza inaanza. Kabla ya kuandika chochote ni vizuri kumuuliza mhasibu au mkuu wa shule: mapumziko haya yameandikwa kama likizo yangu ya mwaka, au ni mapumziko ya wanafunzi tu?

Aina ya mkataba nayo ina uzito. Mwenye mkataba usio na ukomo anaweza kuacha kazi kwa kutoa notisi. Mwenye mkataba wa muda maalumu, tuseme wa miaka miwili, hana ruhusa hiyo moja kwa moja. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema huyo anaweza kujiuzulu ikiwa mwajiri amevunja mkataba kwa kiwango kikubwa. Kama hakuna uvunjaji wa namna hiyo, inabidi wakubaliane na mwajiri kuumaliza mapema. Barua yake basi ni ombi, na anapaswa kuiandika kwa lugha ya ombi. Walimu wengi hawalijui hili mpaka mkuu wa shule afungue faili na kuwasomea mkataba walioutia saini wenyewe.

Upungufu mkubwa wa sheria hii, kwa upande wa shule, ni kwamba inahesabu siku na haijui mihula. Siku 28 za Februari na siku 28 za Oktoba kwake ni sawa. Uingereza wana utaratibu tofauti: kwa masharti ya kazi yanayotumika katika shule nyingi za umma za huko, mwalimu anayetaka kuondoka mwisho wa Desemba lazima barua yake ifike kabla Oktoba haijaisha. Wa mwisho wa Aprili aandike kabla Februari haijaisha, na wa mwisho wa Agosti kabla Mei haijaisha. Kengele ya muhula ndiyo inayopanga nani aondoke lini. Kenya wako karibu na sisi. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule na kulipwa kwa mwezi huongozwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, yenye siku 28 vilevile. Kwa hiyo huku kwetu, lile ambalo kalenda haikulifanya, mwalimu analifanya mwenyewe kwa kalamu yake.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini unaofanana na mengi yanayotokea. Mwalimu wa Hisabati katika sekondari binafsi ana mkataba usio na ukomo, mshahara wa msingi ni shilingi 650,000 kwa mwezi, na anafundisha kidato cha tatu na cha nne. Ijumaa ya tarehe 11 Julai anapata barua ya ajira serikalini inayomtaka aripoti halmashauri Jumatatu ya tarehe 28. Siku 28 za notisi, zikianza kuhesabiwa kesho yake, zinaishia tarehe 8 Agosti. Zimepishana.

Jambo la kwanza la kufanya si kuandika kwa bodi. Ni kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri siku hiyohiyo, kuomba kuongezewa muda wa kuripoti ili amalize notisi. Anaweza kukubaliwa, anaweza kukataliwa, lakini nakala ya ombi hilo ikiambatanishwa na barua ya bodi inabadilisha mazungumzo yote. Wajumbe wanaona kwamba mtu huyu hakuwakimbia. Akikubaliwa, anafanya kazi siku zote 28 na hakuna cha kujadili. Akikataliwa, ana siku 14 za kufundisha, kuanzia tarehe 12 hadi Ijumaa ya tarehe 25, na wiki mbili zinazobaki inabidi zilipwe au zisamehewe.

Wiki mbili hizo ni shilingi ngapi? Jedwali la sheria ya ajira linapata mshahara wa wiki kwa kugawa wa mwezi kwa 4.333. Kwa mshahara wa 650,000 wiki moja inakuwa kama shilingi 150,000, na wiki mbili 300,000. Upande wa pili wa daftari, shule nayo ina deni. Likizo ambayo mwalimu hajaichukua hulipwa anapoondoka, kwa hesabu ya mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za ajira. Ikiwa mwaka wake wa likizo ulianza Januari mosi na hakupewa likizo Juni, hadi tarehe 25 Julai amefikisha siku 206, yaani karibu siku 16 za likizo. Madeni hayo mawili yanakaribiana. Mwalimu anayelijua hili haogopi kuandika kwamba yuko tayari kukatwa, na bodi inayolijua haina sababu ya kumtishia.

Sasa barua yenyewe. Mwajiri wa shule binafsi kisheria huwa ni mmiliki, awe kampuni, taasisi ya dini au wadhamini, na bodi ndiyo inayosimamia shule. Mkuu wa shule kwa kawaida ndiye katibu wa bodi, kwa hiyo barua huelekezwa kwa mwenyekiti na kupitia kwa mkuu, huku mmiliki au meneja akipewa nakala. Kumruka mkuu na kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kwa sababu mnatoka kijiji kimoja kunazaa uadui usio na faida. Hivi ndivyo barua hiyo inavyoweza kusomeka:

*Mwenyekiti,*
*Bodi ya Shule.*

*K.K. Mkuu wa Shule.*

*11 Julai*

*Ndugu Mwenyekiti,*

*YAH: NOTISI YA KUACHA KAZI NA PENDEKEZO LA MAKABIDHIANO*

*Rejea kichwa cha habari hapo juu. Natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi ya ualimu wa Hisabati kuanzia leo. Siku ya mwisho ya notisi ni tarehe 8 Agosti. Sababu ni kwamba nimepata ajira katika utumishi wa umma.*

*Mwajiri mpya ananitaka niripoti tarehe 28 Julai. Nimemwomba kwa maandishi aniongezee muda hadi nimalize notisi, na nakala ya ombi imeambatanishwa. Endapo hatakubali, naiomba Bodi iridhie niondoke tarehe 25 Julai, na malipo ya wiki mbili zitakazobaki yakatwe kwenye stahiki zangu.*

*Kidato cha Nne kina mtihani wa taifa Novemba, hivyo napendekeza yafuatayo. Hadi siku ya mwisho nitafundisha vipindi vyangu vyote na kumaliza mada ya Trigonometria. Ifikapo tarehe 18 Julai nitamkabidhi mwalimu wa taaluma azimio la kazi likionyesha tulipofika, rejesta ya alama za vidato vyote viwili, na kazi zote zikiwa zimesahihishwa. Mwalimu mpya akipatikana kabla sijaondoka, niko tayari kuingia naye darasani. Baada ya kuondoka nitajibu maswali yake kuhusu azimio kwa simu hadi mwisho wa Agosti.*

*Taarifa za wanafunzi wanaohitaji uangalizi wa pekee nitamkabidhi Mkuu wa Shule ana kwa ana. Naomba uongozi upange siku na namna ya kuwaeleza wanafunzi na wazazi. Mpaka hapo sitawatangazia mimi mwenyewe.*

*Nashukuru kwa nafasi niliyopewa ya kuitumikia shule hii.*

*Wako mtiifu,*
*(saini)*

Ukurasa mmoja tu. Angalia lakini kilichoachwa nje. Hakuna lawama, hakuna historia ya tangu alipoanza kazi, hakuna mistari ya kumsifu mkuu wa shule. Sababu imekaa katika sentensi moja, kwa kuwa sheria inaitaka itajwe, na haikuongezwa maelezo ya maisha kuwa magumu. Kila ahadi ina tarehe au ukomo. Hiyo "hadi mwisho wa Agosti" imewekwa kwa makusudi, maana mwalimu akiandika tu kwamba atasaidia wakati wowote, au atasumbuliwa mpaka Krismasi, au ataacha kupokea simu wiki ya kwanza. Pia hakuahidi kurudi Jumamosi kufundisha. Akishakuwa mtumishi wa umma, muda wake na ruhusa zake viko chini ya mwajiri mwingine, na ahadi ya namna hiyo hupendeza masikioni mwa bodi tu.

Tarehe 18 nayo si ya bahati mbaya. Ni wiki moja kabla ya kuondoka. Makabidhiano yanayofanyika siku ya mwisho saa tisa alasiri huwa ni kuhesabu funguo na vitabu tu. Yakifanyika wiki moja mapema, mwalimu wa taaluma anapata nafasi ya kufungua azimio, kukuta pengo, na kuuliza.

Na hapo ndipo wanafunzi wanapolindwa au kutupwa. Azimio la kazi la walimu wengi, tuseme ukweli, ni la kumwonyesha mdhibiti ubora wa shule. Safu ya maoni imejaa neno "imefundishwa" kuanzia Januari, hata kwa mada ambazo nusu ya darasa walitoka kapa. Mwalimu mpya akilisoma anaamini, anaruka mbele, na makosa yanakuja kuonekana kwenye mtihani wa utimilifu, ule wanafunzi wanaouita moko, ikiwa bado hawajaufanya, au kwenye mtihani wenyewe wa Novemba.

Ukurasa mmoja wa ukweli unafaa kuliko azimio zima la aina hiyo. Katika mfano wetu mwalimu angeandika hivi kwa mkono: mada nne za kidato cha nne zimekwisha, katika Trigonometria tumemaliza kanuni ya sini, kanuni ya kosini itaanza Jumatatu, Vekta, Matriki na Programu Mstari hazijaguswa. Kisha angeandika lile ambalo halimo kwenye kitabu chochote: mkondo B, wakipewa pembetatu yenye pande mbili na pembe iliyo katikati yake, bado wanakimbilia kanuni ya sini, kwenye Uwezekano wanajumlisha pale wanapotakiwa kuzidisha, zoezi la wiki ya pili ya Juni lirudiwe kwa sababu wengi walinakiliana. Mwalimu mgeni akisoma mistari hiyo mitatu ameokoa wiki mbili za kulichunguza darasa.

Alama ni jambo la pili. Shule hupeleka Baraza la Mitihani alama za maendeleo za mwanafunzi, na alama zikiwa zimebaki kwenye daftari lililosafirishwa kwenye begi la mwalimu kwenda mkoa mwingine, shule inabaki na njia mbili mbaya: kumsaka kwa simu au kubuni. Njia ya pili ni kosa, na anayeumia ni mtoto. Ndiyo maana barua inataja rejesta kwa jina, na mwalimu mwenye busara huomba mwalimu wa taaluma asaini kwamba ameipokea, vidato vipi, majaribio mangapi.

Jambo la tatu linahitaji uangalifu zaidi. Kila mwalimu anajua mambo ambayo hayamo kwenye rejesta. Binti mmoja ana ugonjwa wa selimundu na akiomba kutoka darasani asizuiwe. Kijana mwingine amefiwa na mlezi na ada yake inasuasua. Mwingine ana alama za kipigo, na mwalimu alikuwa ameanza kumfuatilia. Yasipokabidhiwa, mtoto anaanza upya kujieleza kwa mtu asiyemjua, na wengi huamua kunyamaza. Yakiandikwa ndani ya barua ya kuacha kazi, yatasomwa na wajumbe wote wa bodi, karani wa ofisi na mmiliki, kisha yatakaa kwenye faili la utumishi la mwalimu ambako hayana kazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, hilo limekuwa pia suala la kisheria, na taarifa za watoto na za afya ni miongoni mwa zile zinazotakiwa kutunzwa kwa uangalifu mkubwa. Barua yetu inasema tu kwamba taarifa zipo na nani atakabidhiwa. Karatasi yenyewe inakwenda ndani ya bahasha kwa mkuu wa shule, au kwa mwalimu wa unasihi, na kwa lile la kipigo mazungumzo yafanyike siku hiyohiyo, yasingoje tarehe 18.

Kuhusu kuaga darasa, walimu wanaopendwa ndio wanaokosea zaidi. Mwalimu anawaambia wanafunzi kabla ya bodi kujua, darasa linalia, usiku kundi la wazazi la Watsapu limewaka moto, na asubuhi mkuu wa shule anaulizwa habari ambayo hana. Mara nyingine mwalimu huwataja wenzake wawili wanaotaka kuondoka pia. Wazazi wenye uwezo huanza kutafuta shule nyingine katikati ya mwaka, na wanafunzi wanaobaki ndio wanaobeba hasara. Ni afadhali kusubiri siku chache, kisha mwalimu na mkuu waingie darasani pamoja, wakiwa na jina la atakayeshika vipindi, hata kama ni wa muda tu.

Bodi nayo ina wajibu. Barua kama hii ikipokelewa Ijumaa, haifai isubiri kikao cha robo mwaka. Mwenyekiti na katibu wanaweza kujibu kwa maandishi ndani ya siku mbili tatu: tumepokea, tunaridhia au haturidhii tarehe ya 25, stahiki zako ni hizi, makabidhiano yatafanyika kwa fulani. Tangazo la nafasi litoke wiki hiyohiyo, na katika usaili mwombaji apewe mada ya Vekta afundishe kipindi kimoja mbele ya kidato cha nne, kwa kuwa ndiyo atakayoanza nayo. Shule zinazomzuilia mwalimu mshahara wa siku alizofanya kazi ili kumkomoa hazipati chochote. Zinawafundisha tu walimu wanaobaki kwamba kuaga kistaarabu hakulipi, na wa mwakani atapanda basi Jumapili usiku.

Yote haya yanamhusu anayeondoka kwa hiari. Mwalimu ambaye hajalipwa miezi mitatu, au anayesukumwa aondoke, asinakili barua hii. Akiandika kwamba anaacha kazi "kwa sababu binafsi", na akamshukuru mwajiri kwa ukarimu wake, karatasi hiyo ndiyo itakayowekwa mezani siku atakapodai kwamba alilazimishwa. Yeye aandike sababu halisi, kwa tarehe na viasi, na akumbuke kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Hata hivyo ukurasa wa mada na rejesta ya alama avikabidhi. Mgogoro wake ni na mwajiri, na kidato cha nne hawamo ndani yake.

Nakala moja ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa ikiwa na tarehe, ibaki kwa mwalimu. Ikishapokelewa, akibadili mawazo hawezi kuirudisha peke yake, inabidi mwajiri akubali. Na siku ya mwisho, kabla ya kurudisha funguo za ofisi, aombe cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri ampe, na mwalimu hadaiwi kukilipia.